Kaptire ya Excel: niandike formile ao namba, na selile nitenganishe na nini?

"Yaya, ordinatere ya depo iliungua na fishie ya Excel ikaenda nayo. Tulibakia tu na kaptire moja kontabli alitumaka ku WhatsApp. Patron anataka niandike ile tablo yote mu mesaje, yeye asome namba, na kisha mutu wa informatike aitumie kutengeneza fishie ingine. Sasa ku juu naona =SI(B7="";0;D7*$G$2) lakini mu selile yenyewe naona 1 165 500. Niandike gani? Tena nilitenganisha na virgile ikaharibika, nikaweka poen-virgile ikaharibika zaidi. Niko Goma, kaptire ndio hiyo nimekutumia."

Dada, andika zote mbili lakini usizitie pamoja mu selile moja. Namba zinaingia mu tablo, formile inakaa chini ya tablo na adresi yake pembeni, na selile utenganishe na ule mustari wa kusimama, |. Hapo una jibu tayari, kama uko na haraka unaweza kuanza kuandika. Lakini ngoja nikuelezee juu ya nini, maana kaptire ingine itakuja na sura ingine na hautakuwa na nafasi ya kuuliza kila mara.

Kwanza tuangalie vizuri kile kaptire yako inaonyesha, juu hapo ndipo watu wengi wanapoteaka. Unafikiri uko na vitu viwili vyenye vinapingana, formile ku juu na namba ku chini, kumbe ni selile moja tu. Mu selile E7 kontabli aliandika formile, Excel ikahesabu, ikaonyesha jibu mu kisanduku, na formile yenyewe ikaifichaka. Ile barre ya juu inakuonyesha kile kimeandikwa ndani ya selile yenye wamebofya, na ni hiyo moja peke yake. Utaijuaje ni gani? Angalia selile yenye iko na kadre ya rangi ya kijani kuizunguka, kisha angalia kile kisanduku kidogo ku kushoto ya barre, kimeandikwa E7. Hivyo viwili vikikubaliana, una hakika ile formile ni ya E7 na si ya mwingine.

Maana yake ni hii, na ni habari mbaya kidogo: mu kaptire yako kuna selile kumi zenye zinaonekana kama zimehesabiwa, yani D5 mpaka D9 na E5 mpaka E9, na formile unaona ni moja tu. Zile ingine tisa unaona majibu, haujui nyuma yake kuna nini. Inawezekana E5 iko na formile sawa na ya E7, kontabli aliikokota tu, na inawezekana pia siku moja alikuwa na haraka akaandika namba na mukono. Mu kaptire hizo mbili zinafanana kabisa. Kwa hiyo usimwandikie mutu wa informatike formile tisa zenye umetunga mwenyewe kama vile umeziona. Unamwandikia moja yenye umeona, na ukitaka kumusaidia unaongeza neno moja kwamba E5, E6 na E8 zinafanana kuwa vilevile lakini hazionekane.

Sasa tuje ku tablo. Patron ni mutu wa kusoma namba, formile haimusaidie kitu, anataka kujua mafuta iliingiza ngapi. Mutu wa informatike yeye anahitaji formile, lakini angalia, anahitaji pia namba, tena sana. Kwa sababu fishie mupya akiisha kuijenga, atajuaje kama amejenga vizuri? Ataweka vipimo vile vile na bei ile ile, kisha ataangalia kama E7 inaleta 1 165 500. Ikileta namba ingine, anarudi kutafuta. Ndiyo maana namba zinaenda mu tablo kwa wote wawili na formile inakaa peke yake.

Ile ya kuandika vyote mu selile moja, kama "1165500 =SI(...)", kama ulikuwa unaifikiria, uiache. Excel ikipokea kitu kama hicho inakihesabu ni maneno tu, na SOMME inaruka maneno bila kulalamika. Ile total ya chini itakuja imepunguka na hakuna alama yoyote nyekundu itakayokuonyesha. Kosa lenye halipige kelele ndilo mubaya.

Tablo yako, kwa kuangalia kaptire, ningeiandika hivi:

```
A4: tablo inaanza hapa
Article|Qté|PU $|Total $|Total FC
Farine maïs 25 kg|40|18,5|740|2072000
Riz 25 kg|22|21|462|1293600
Huile 20 L|15|27,75|416|1165500
Sucre 50 kg||44|0|0
Total|||1618|4531100
```

Ona ile mustari ya sukari. Kolone ya Qté haina kitu, na nimeacha ile miti miwili imefuatana, ||, bila kitu katikati. Hiyo ni selile tupu, inabakia na nafasi yake. Ukiiruka, 44 itahama kuingia mu kolone ya Qté na patron ataamini muliuza mifuko 44 ya sukari. Na usijaze zero pale hakuna zero. Mu formile ya E7 tofauti haionekane, tupu ao zero yote italeta 0, lakini siku patron akiomba wastani wa kolone ya Qté, MOYENNE inaruka selile tupu na inahesabu zero: 40, 22 na 15 zinaleta 25,67, ukiongeza zero moja inashuka 19,25. Namba ile ile ya mifuko, wastani mbili.

Ukiisha kuandika, hesabu miti. Kolone tano, kwa hiyo kila mustari lazima iwe na miti ine, hata ile ya Total yenye iko karibu tupu. Mustari yenye iko na tatu ao tano, rudi uangalie. Ni kipimo cha haraka na kinakamata makosa mingi kuliko kusoma tena na macho.

Juu ya nini virgile ilikuharibia? Kwa sababu sisi Excel yetu iko mu kifaransa, na virgile inafanya tayari kazi ya desimali. Bei ya mafuta ni 27,75. Ukitenganisha selile na virgile, 27 inaingia mu kolone moja na 75 mu kolone ingine, na kila kitu ku kulia kinasukumwa hatua moja. Poen-virgile nayo iko na kazi yake, inatenganisha vipande ndani ya formile: SI(B7="" halafu poen-virgile, 0 halafu poen-virgile, na kuendelea. Ukiitumia kutenganisha selile, formile moja inakatika vipande vitatu. Kwa namba tupu ingepita, na fishie za CSV za Excel ya kifaransa ndivyo zinafanyaka, lakini mesaje yako iko na formile ndani. Kuna njia ya kufunga formile yote ndani ya giyeme na kuandika mara mbili kila giyeme yenye iko ndani, inafanya kazi, lakini yako iko na "" tayari, ingekuwa """" na mutu akisoma ku telefone hataelewa kitu. Nafasi nayo usiijaribu hata, "Farine maïs 25 kg" ingejaza kolone ine peke yake.

Wengine watakuambia tumia Tab. Wako na haki, kama unaandika ku ordinatere, mu Bloc-notes, Tab ndiyo muzuri kushinda zote: unakopi, unabandika mu Excel, kila kitu kinaenda mu kolone yake bila kufanya kitu kingine. Lakini klavie ya telefone kwa kawaida haina Tab, na ile nafasi ya Tab haionekane na macho, mutu anaweza kuigeuza nafasi za kawaida bila kujua na kolone zikapotea. Wewe unatuma ku WhatsApp, kwa hiyo mti ni muzuri zaidi, unaonekana, na haupatikane mu namba wala mu majina ya bidhaa. Ku telefone uko mu ukurasa wa pili wa alama. Ku klavie ya kifaransa ni AltGr na 6, ku ile ya kibelgique, yenye iko mingi pia huku kwetu, ni AltGr na 1. Mutu wa informatike akiisha kubandika, anachagua ile kolone, anaenda Données, Convertir, Délimité, Autre, anaandika |, inamalizika. Usiweke nafasi mbele na nyuma ya mti ili ipendeze. Zile nafasi zinaingia mu selile pamoja na jina, na " Riz 25 kg" yenye nafasi mbele haitakuwa sawa na "Riz 25 kg" siku atatafuta na RECHERCHEV.

Umeona pia niliandika 2072000 na si 2 072 000. Ile nafasi ya maelfu haiko mu selile, ni mapambo ya Excel tu, selile yenyewe inabeba namba bila nafasi. Kwa patron unaweza kumutumia mesaje ingine yenye iko na nafasi kama anaumia macho, lakini ile ya kujengea fishie iache hivyo.

Sasa kuna jambo moja mu kaptire yako lenye nataka uliangalie karibu, ku mustari ya mafuta. Qté 15, bei 27,75, Total $ 416. Chukua kalkilatere: 15 mara 27,75 ni 416,25. Kwa hiyo 416 unayoona si namba kamili, kontabli aliweka ile kolone isionyeshe desimali, lakini Excel ndani imeshika 416,25. Tena angalia franka: taux mu G2 ni 2800, na 416 mara 2800 ingekuwa 1 164 800, kumbe kaptire inaonyesha 1 165 500. Tofauti ni franka 700, na franka 700 ni ile 0,25 ya dola yenye imefichwa. Unaona, E7 yenyewe inashuhudia.

Utaandika gani? Mu tablo andika 416, juu ndivyo umeona, kazi yako ni kuandika kile kiko ku kaptire na si kusahihisha. Chini uongeze mustari moja ya kusema D7 inaonekana 416 lakini hesabu inaleta 416,25. Bila ile neno, mutu wa informatike anaweza kuingiza 416 kama namba, franka itashuka 700 ku mustari moja, na mu tablo ya mistari mia mbili mutatafutana ubaya na kontabli bila sababu. Total nayo iko vilevile, inaonyesha 1618 na ndani ni 1618,25, ukizidisha na 2800 inaleta 4 531 100 sawasawa na kaptire.

Baada ya tablo, sehemu ya formile inakuwa hivi:

```
G2: 2800 (taux)
E7: =SI(B7="";0;D7*$G$2)
D7: inaonekana 416; 15 x 27,75 = 416,25
Formile za selile zingine hazionekane
```

Ile "E7:" mbele ya formile iko na kazi mbili. Inasema formile ni ya wapi, na pia inaizuia isianze na =. Excel ikiona = mwanzoni inahesabu palepale, na mutu angeona jibu pahali pa formile, tena jibu la ajabu. Adresi ni lazima juu B7, D7 na $G$2 zinaeleza mahali mu fishie ya zamani. Ndiyo maana niliandika ku mwanzo wa tablo kwamba inaanza mu A4. Akiibandika mu A1, mafuta inapanda mu mustari ya 4, na formile yenye inatafuta B7 itakuta hakuna kitu, itajibu 0 na roho yake safi.

Alama za $ usizisahau, zile za $G$2 hazina uhusiano na dola. Zinapigilia G2 na musumari ili formile ikikokotwa chini taux isihame kwenda G3, G4. Ukiandika G2 bila $, E7 yenyewe itahesabu vizuri na mustari zinafuata zitaleta zero.

Kuhusu kusoma barre yenyewe, kuza picha mpaka uone kila alama, sana sana : na ; juu zinafanana ku kaptire ya WhatsApp yenye imepunguzwa. SOMME(D5:D8) inajumlisha kutoka D5 mpaka D8, kwako 1618,25. SOMME(D5;D8) inachukua D5 na D8 peke yake, yani unga na sukari, 740. Kama siku moja unasoma formile ya total na hauna hakika ni alama gani, jibu lenye liko mu selile litakuambia. Hapo tena unaona faida ya kuwa na vyote viwili. Na giyeme, andika zile zimesimama wima, ". iPhone na Word zinapenda kuzikunja “ ” zenyewe, na Excel haizielewe hizo zenye zimekunjwa. Andika mu Bloc-notes kama unaweza.

Majina ya formile uache vile iko, SI ibakie SI, hata kama mutu wa informatike anatumia Excel ya kiingereza. Akiwa nayo, atahitaji =IF(B7="",0,D7*$G$2), na unaweza kumuongezea ile mustari chini ya ya kwanza, lakini ya kwanza ndiyo yenye uliona. Fishie ya kweli yenyewe ingejitafsiri peke yake ikifunguliwa ku Excel ya kiingereza, mesaje ya WhatsApp haiwezi.

Kama kontabli alibonyeza Afficher les formules mbele ya kupiga kaptire ingine yoyote, sura inabadilika: kolone zinapanuka, formile zote zinaonekana na majibu yanapotea. Hiyo ingekuwa baraka kwako. Lakini tarehe ndani yake zinageuka namba, 15/03/2024 inaonekana 45366, na desimali zenye zilikuwa zimefichwa zinatoka. Usiseme fishie iliharibika. Andika 45366 na pembeni useme ni kolone ya tarehe. Na ukikuta ##### mu kaptire ya kawaida, mara nyingi kolone ni nyembamba tu, namba haikuingia, andika "haionekane". #REF! ao #DIV/0! ni jambo lingine, hayo ni majibu ya kweli ya formile, unayaandika kama yalivyo.

Mbele ya kufanya hii kazi yote, ulizia kontabli mambo mawili. Aliwahi kutuma fishie yenyewe ku emaile ya mutu yeyote, hata ya zamani? Fishie ya mwezi moja nyuma iko na formile zote kumi na ni bora kuliko kaptire nzuri. Na ile disko ya ordinatere yenye iliungua, ilipelekwa kwa fundi ao ilitupwa? Mara nyingi kinachoungua ni alimantasio, disko inabakia nzima, fundi anaitoa na kuichomeka ku mashine ingine. Musiiwashe wenyewe kwa kujaribu jaribu.

Na kama hizi namba ndizo mutalipia watu ao mutapeleka ku impo, hapo mesaje haitoshi. Kontabli na mutu wa informatike wakae pamoja, mbele ya fishie mupya, kontabli aeleze kila kolone ilikuwa inahesabiwa namna gani, sana sana E5, E6 na E8, na kama taux ya 2800 ilikuwa moja kwa mwezi muzima ao alikuwa anaibadilisha kila wiki. Hiyo ya taux kaptire haiwezi kukuambia hata uikuze namna gani.